Tarehe Waliyoniahidi Imepita na Simu Haijaita

Mama Mshauri, shikamoo.

Jumanne tarehe 2 mwezi huu nilifanya usaili wa tatu na wa mwisho kwa nafasi ya afisa ununuzi. Tulikuwa tumebaki watu watatu. Usaili ulikwenda vizuri, na afisa utumishi alinisindikiza hadi mlangoni akaniambia kwa kinywa chake, "Utapata jibu letu kufikia Ijumaa tarehe 12." Kesho yake nilimwandikia barua pepe fupi ya kumshukuru, naye akajibu, "Asante, tutawasiliana." Leo ni Alhamisi tarehe 18 na sijasikia lolote.

Rafiki yangu ananishauri niende ofisini kwao mwenyewe. Dada yangu anasema nikae kimya, kwa kuwa wangekuwa wananitaka wangeshapiga simu. Juzi usiku niliandika ujumbe huu lakini sijautuma: "Samahani sana kwa usumbufu, najua mna kazi nyingi. Nilitaka tu kuuliza kama kuna habari yoyote, maana mliahidi kunijibu Ijumaa na mpaka sasa sijasikia chochote. Kama sikufaulu naomba mniambie tu ili nijue. Ninaihitaji sana kazi hii. Samahani tena."

Kuna jambo jingine. Kampuni nyingine imenipa ofa ya nafasi ya chini kidogo na inataka jibu langu kufikia Jumatano tarehe 24. Pia ninayo namba ya mkuu wa idara aliyenisaili, kwa sababu alinipa kadi yake. Naogopa kuonekana ninabembeleza, na naogopa pia kukosa zote mbili. Nifanyeje?

Mwanao anayesubiri

*

Marahaba, mwanangu. Nilikujibu kwa faragha siku ileile barua yako iliponifikia, kwa sababu siku zako zilikuwa zinahesabika. Kwa ruhusa yako nalichapisha jibu hilo hapa, maana barua zinazofanana na yako ninazipata mara kwa mara.

Naomba nianze na maneno ya dada yako, kwa kuwa nahisi ndiyo yaliyokuuma zaidi. Anakupenda na anataka usiumie mara mbili, lakini amechukulia kwamba ukimya una maana moja tu. Nilifanya kazi ya utumishi kwa miaka mingi kabla ya kuandika safu hii, na naweza kukueleza kinachotokea upande wa pili wa mlango ule ulipoagwa. Jopo la usaili huketi, hujumlisha alama na kukubaliana jina, mara nyingi siku ileile au kesho yake. Baada ya hapo jina huanza safari. Wadhamini wa mwombaji hupigiwa simu, na mmoja wao huwa hapatikani. Mshahara hupelekwa kwa mhasibu athibitishe kwamba upo kwenye bajeti, kisha barua ya ajira huandikwa na kupelekwa kwa mtu mwenye mamlaka ya kutia saini. Afisa utumishi anapokutajia tarehe, huwa amehesabu siku za safari hiyo kana kwamba kila mtu atakuwepo mezani pake. Nakumbuka barua moja ya ajira iliyokaa kwenye faili juu ya meza yangu siku tisa za kazi, imechapwa na kukamilika, ikisubiri saini ya mkurugenzi aliyekuwa safarini. Mwenye barua ile alikuwa amekwisha kukata tamaa, nami sikuweza kumwambia lolote, kwa sababu barua isiyo na saini haina tofauti na karatasi tupu, na ukimtajia mtu kazi kabla ya saini umemwahidi kitu ambacho si chako.

Uwezekano mwingine ni mgumu zaidi kuusikia, lakini unapaswa kuujua kwa sababu unabadilisha namna ya kuandika. Inawezekana wamempa ofa mwenzako mmoja katika wale watatu, naye amepewa siku kadhaa za kuifikiria. Katika siku hizo waombaji wengine hawaambiwi kitu, kwa kuwa yule wa kwanza akikataa, ofisi itamgeukia wa pili, na hakuna anayetaka kumwambia wa pili "umekosa" leo kisha ampigie Jumatatu kumwambia "umepata". Kama wewe ndiye wa pili, ukimya unaousikia ni wa kushikiliwa, na hujakataliwa. Sijui kama ndivyo ilivyo kwako, na wewe hujui. Ninachojua ni kwamba ujumbe mmoja wenye adabu, unaofika siku hizo na kuonyesha kwamba bado upo na bado unaitaka nafasi, haukupotezei chochote. Sijawahi kuona mwombaji akiondolewa kwa sababu aliuliza mara moja baada ya tarehe aliyopewa kupita. Walioharibu ninawakumbuka: mmoja alipiga simu kila asubuhi, na mwingine alimwandikia kila mjumbe wa jopo peke yake kwa maneno tofauti.

Sasa tuutazame ujumbe wako wa usiku. Umeomba radhi mara mbili kwa kuuliza jambo ambalo wao wenyewe walikupa ruhusa ya kulitarajia. Umeandika "mliahidi", na ingawa ni kweli, neno hilo humfanya msomaji ajitetee kabla hajafika mwisho wa sentensi. Ile sentensi ya "kama sikufaulu naomba mniambie tu" ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Umemfungulia mlango wa kukukataa, na afisa aliyechoka, ambaye hana uhakika na mambo yalipofikia, huenda akapita humo kwa sababu ndilo jibu rahisi kuliandika. Na neno "ninaihitaji" linazungumzia hali yako, ilhali "naitaka" linaizungumzia kazi. Mwajiri hawezi kufanya lolote kuhusu hali yako, mwanangu, hata akiwa na huruma kiasi gani.

Hata hivyo, kasoro kubwa ya ujumbe ule haipo katika maneno hayo. Ipo katika kitu ulichoomba. Umeomba jibu, na mtu unayemwandikia huenda hana jibu, kwa sababu liko kwenye meza ya mtu mwingine. Anayeombwa kitu asicho nacho huiacha barua bila kuijibu, akijiambia atajibu likishapatikana. Ukimwomba tarehe mpya, unamwomba kitu anachoweza kukutafutia kwa simu moja ya ndani, tena kinachomwezesha kurekebisha tarehe iliyompita bila kuaibika. Ningekuwa wewe, ningeandika hivi:

"Habari za asubuhi. Narejelea usaili wa mwisho wa nafasi ya afisa ununuzi uliofanyika Jumanne tarehe 2. Tulipoagana ulinieleza kwamba uamuzi ulitarajiwa kufikia Ijumaa tarehe 12, nami naelewa kwamba hatua za mwisho wakati mwingine huchukua muda zaidi. Bado naitaka nafasi hii. Je, sasa mnatarajia kukamilisha uamuzi lini? Kama kuna taarifa au hati yoyote mnayoihitaji kutoka kwangu, nitaituma mara moja."

Weka jina lako kamili na namba yako ya simu chini, basi. Uutume kama jibu la ile barua aliyokuandikia "tutawasiliana", usianze barua mpya, ili akiifungua aone mazungumzo yenu yote na asilazimike kukutafuta kwenye orodha ya waombaji. Utume asubuhi. Barua ya Ijumaa alasiri huzikwa chini ya barua za Jumatatu, na ya saa sita usiku humweleza msomaji kwamba hukulala, jambo ambalo halimhusu. Kabla ya kutuma, fungua kasha la barua taka na ulipekue tangu tarehe 2, kisha hakikisha kwamba namba uliyoiandika kwenye wasifu wako bado inapatikana. Mwombaji mmoja niliyemtafuta siku nne alikuwa amebadilisha laini.

Hiyo ofa nyingine nayo unaweza kuitaja, na hapa ndipo panapohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Faida yake ni kwamba inampa afisa utumishi sababu ya kwenda kwa mwenye saini na kumwambia kuna mwombaji atakayetuponyoka Jumatano. Ofisi nyingi huharakisha mambo kwa sababu hiyo kuliko kwa sababu nyingine yoyote. Hatari yake ni kwamba wanaweza kukujibu, "Tunakutakia heri huko," hasa kama wewe si chaguo lao la kwanza au kama mkono wao umefungwa kweli. Ukiamua kuitaja, itaje kama taarifa, bila kivuli cha tishio, kwa sentensi moja baada ya swali lako: "Naona ni vyema mjue kwamba nina ofa nyingine ninayotakiwa kuijibu Jumatano tarehe 24, na ningefurahi kujua mlipofikia kabla ya siku hiyo." Usitaje jina la kampuni wala mshahara. Wewe ofa hiyo unayo kweli, kwa hiyo sina wasiwasi nawe, lakini kwa wasomaji wengine nasema wazi kwamba ofa ya kubuni ni mchezo mbaya. Siku utakapoambiwa "basi ichukue", huna pa kurudi.

Kuna njia nyingine, ambayo ni kuuliza leo bila kuitaja ofa, kisha kuitaja baadaye kama hawatajibu. Kwa mtu mwenye wiki mbili mbele yake, ningeipenda zaidi njia hiyo, kwa kuwa ni tulivu na inaacha neno zito akibani. Wewe una siku nne za kazi kati ya leo na Jumatano, ukiihesabu leo yenyewe. Ukitumia mbili kungoja jibu la ujumbe wa kwanza, neno zito litafika Jumatatu, nao watabakiwa na Jumanne peke yake ya kumtafuta mwenye saini. Pima mwenyewe, ukikumbuka walivyozungumza nawe chumbani. Kama waliuliza unaweza kuanza lini na una muda gani wa notisi, hiyo ni dalili ya kwamba walikuwa wanakuwazia kazini, ingawa yapo majopo yanayomuuliza kila mtu maswali hayo. Dalili nzito kidogo ni wadhamini wako. Wapigie simu leo, kwa utulivu, uwaulize kama kuna aliyetafutwa. Kama yupo aliyepigiwa baada ya tarehe 2, jina lako lilikuwa safarini angalau siku hiyo. Kama hakuna, usihitimishe lolote, maana ofisi nyingine huwapigia wadhamini baada ya mwombaji kukubali ofa.

Kuhusu kadi ya mkuu wa idara, naielewa hamu yako. Alikupa mwenyewe, na pengine mlicheka pamoja. Lakini aliyekupa tarehe ni afisa utumishi, na ukimruka utamfanya aonekane mbele ya mkubwa wake kama mtu asiyejibu barua. Mkuu wa idara naye ataihamishia barua yako kwa afisa huyohuyo, na sasa itamfikia ikiwa na uchungu ndani yake. Iweke kadi hiyo. Inaweza kukufaa kama utaandika mara mbili na kupiga simu mara moja bila mtu kukujibu, maana hapo utakuwa na haki ya kuuliza kama afisa yule yupo likizo.

Kwenda ofisini mwenyewe, kama anavyopendekeza rafiki yako, siwezi kusema hakujawahi kumfaa mtu. Katika ofisi ndogo ambayo mwenye kampuni ndiye anayeajiri, watu wameitwa ndani wakapewa kazi. Kwa ofisi iliyokupitisha katika hatua tatu za usaili, mapokezi watampigia afisa utumishi aliye kwenye kikao, naye atalazimika kutoka kukueleza ana kwa ana kwamba hana la kukueleza. Utarudi nyumbani na jibu lilelile ambalo simu ingekupa, na kwake utabaki kuwa yule aliyejitokeza mlangoni.

Basi chukulia kwamba umetuma leo asubuhi. Kama hujajibiwa kufikia Jumatatu tarehe 22 saa nne, piga simu moja kwenye namba ya ofisi. Jitambulishe kwa jina na nafasi uliyoomba, sema umetuma barua pepe Alhamisi na unataka kuhakikisha imefika, kisha uliza tarehe ileile uliyoiomba kwenye barua. Simu hiyo haipaswi kuzidi dakika mbili. Asipopatikana, acha ujumbe kwa aliyepokea na usirudie siku hiyo. Jumatatu hiyohiyo, au Jumanne asubuhi ukichelewa sana, zungumza pia na ile kampuni ya pili. Waombe muda hadi siku maalumu, tuseme Ijumaa tarehe 26, kwa sababu "niongezeeni siku" isiyo na mwisho humfanya mwajiri ahisi anachezewa. Unaweza kusema kwa ukweli kwamba unataka kuusoma mkataba kwa makini na kukamilisha mazungumzo uliyokwisha kuyaanza kwingine. Wengi hukubali siku mbili. Wapo wanaokataa, na ni nadra sana mwajiri kuifuta ofa kwa sababu tu ameombwa kwa heshima kabla ya muda kwisha, ingawa siwezi kukuapia kwamba haitokei. Kuomba saa kumi jioni ya Jumatano yenyewe ni jambo tofauti kabisa.

Majibu utakayopata kutoka kwao wa kwanza yatahitaji kusomwa vizuri. Wakikupa tarehe mpya, mathalani Ijumaa tarehe 26, hilo ni jibu zuri kuliko linavyosikika, kwa sababu mtu ameinuka akaenda kuuliza. Wakisema "bado tunakamilisha taratibu" bila tarehe, shukuru na uulize mara moja tu kama kuna wiki wanayoitarajia. Wasipoitaja, chukulia kwamba mpaka Jumatano hutakuwa na jibu lao, na uipime ofa iliyo mkononi kana kwamba ndiyo pekee uliyonayo. Wakikuambia upo kwenye orodha ya akiba, uliza wanatarajia kuishikilia orodha hiyo kwa muda gani, kwa sababu hiyo ina maana kwamba kuna mtu mbele yako na hajatia saini. Na ukiliona tangazo la nafasi bado liko hewani, usilikodolee macho. Matangazo mengi hubaki pale kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuyaondoa. Likitangazwa upya kwa tarehe mpya ya mwisho, hapo ndipo pana habari.

Limebaki swali ambalo sitakujibia, nalo ni la Jumatano jioni kama kimya kitakuwa bado kimya. Ukiikubali nafasi ya chini, unapata uhakika, na unabeba hatari ya kupigiwa simu wiki inayofuata na wale unaowapenda. Kuacha kazi uliyoikubali siku chache tu zilizopita kunawezekana, lakini kuna mtu atakayekuwa amewarudisha waombaji wengine kwa ajili yako, na katika fani ya ununuzi watu hukutana tena mezani. Soma kipengele cha notisi na cha kipindi cha majaribio kabla ya kutia saini, ili ujue unajifunga kiasi gani. Ukiikataa, unaishi kwa matumaini ya neno lililosemwa mlangoni, na akiba yako ya fedha ndiyo inayojua unaweza kuishi hivyo kwa muda gani. Umeiita nafasi hiyo "ya chini kidogo", mwanangu, na ningependa nikuulize: ni ya chini kwa mshahara, kwa cheo, au kwa sababu tu si ile uliyoikalia macho usiku? Wachukulie wale wa kwanza kwa dakika kumi kana kwamba hawapo, uisome barua ya ofa hii kuanzia mstari wa kwanza, kisha uandike pembeni kila unachokipenda na kila kinachokukera.

Tuma ule ujumbe kwanza, kabla ya saa nne. Halafu unijulishe Jumanne jioni walivyokujibu, nami nitakaa nawe tuipime Jumatano.